Jibu Langu Kuhusu Ufa wa Kyebando

Hadi leo nikisinzia mchana huuona ufa ule. Hushuka taratibu kutoka darini, mpana juu, mwembamba chini, nami nimesimama chini yake na mwiko wangu wa uashi mkononi, wala siogopi. Siku zile niliogopa mno.

Nyumba ilikuwa Kyebando, ya afisa wa jeshi. Tulikubaliana vyumba vitatu na baraza. Kuta za vyumba nilizichimbia msingi. Baraza nikalimwagia sakafu ya zege tu, kwa kuwa halikuwa na mzigo wa kubeba. Kuta zilipofika kwenye linta, juu ya milango, afisa akaja, akanyoosha kidole: baraza ligeuzwe chumba cha nne. Nikapandisha ukuta juu ya sakafu ileile. Mvua zikanyesha, ukuta ukadidimia kidogo, ukajitenga na nyumba. Ndipo akaniandikia: umeharibu, njoo utengeneze kwa gharama yako.

Enzi hizo watu walichukuliwa na wanajeshi kwa makosa madogo kuliko hilo, wasirudi. Lakini mimi kichwa changu kigumu. Nilimketisha mke wangu, mwenye mwandiko mzuri, nikamtajia maneno ya kumjibu, aandike. Kuta za mapatano yetu ni nzima. Ufa uko pale tu ulipobadilisha maagizo, kazi ikiwa katikati. Kwa hiyo sihusiki. Nami nilikuonya.

Kalamu ikasimama.

"Ulimwonya?"

Vumbi la saruji lilikuwa likielea kwenye mwanga wa dirisha. Nilitamani nielee nalo.

"Nilimwambia, 'Ndiyo, afande.'"

Hakuliandika lile la onyo. Barua ikaenda bila hilo.

Siku ya tatu afisa akaja mwenyewe, bila sare, barua mkononi. Tulitembea hadi Kyebando juu ya udongo mwekundu uliolowa, na miguu yangu niliiona kama ya mtu mwingine. Nilimwonyesha kuta za vyumba, moja baada ya nyingine, kisha ule ufa. Akaingiza kidole, kikapita hadi kwenye fundo.

"Wewe fundi, ulijua hii itapasuka?"

"Nilijua, afande."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuogopa."

Neno lilipotoka, mwili ukawa mwepesi ghafla, nikahisi naweza kulala palepale sakafuni. Yeye akageukia mlangoni. Alimwita mkewe, akaja akijifuta mikono kwenye kanga. Kitanda chao kilikuwa chini ya ufa huo, na mtu alikuwa ameuziba kwa matambara upande wa mto wa kulalia.

Akamuuliza kwa upole, "Mama, huu ukuta iko namna gani?"

Mama yule aliutazama ufa, kisha akamtazama mumewe.

"Iko mzuri, mzee."

Afisa aliyatazama yale matambara, akanitazama mimi. Kisha akaikunja barua yangu, akaitia mfukoni.

"Bomoa," akaniambia. "Chimba msingi. Saruji nitaleta mimi."