Mtaro Uliokosa Mhusika

Mtaro wa maji machafu uliziba nyuma ya soko letu pale Kariakoo. Mama lishe wa jirani, mjumbe mwenzetu wa kamati ya soko, alikuwa anakimbiwa na wateja kwa sababu ya uvundo.

Mimi ndiye niliyekuwa katibu mpya. Muhtasari wa kikao niliorithi ulikuwa kurasa nzima za "mjumbe alichangia", na uamuzi wa kuzibua mtaro ulizama katikati ya ubishi wa vizimba vya kuuzia. Nikauandika upya: maamuzi juu, kila moja na mhusika wake na tarehe ya mwisho, majadiliano chini kwa ufupi. Kwenye mtaro, nafasi ya mhusika ikabaki tupu. Hakuna aliyetajwa, na sikuwa na haki ya kubuni jina. Nikauliza kikaoni.

"Andika 'kamati'," alisema mwenyekiti.

"Kamati nitaipigia namba gani, mzee?"

Wakacheka, kisha wakainamia simu zao.

"Basi andika jina langu," alisema mama lishe. "Ijumaa utakuwa umezibuliwa."

Wanaume wazima wakampigia makofi. Nililiandika jina lake nikiona kinyaa ambacho hata ule mtaro haukuwahi kunitia.