Nyota Moja kwa Siagi Yetu

Mimi na dada yangu tulikuwa tunasaga siagi ya karanga mtaani Kondele, bila sukari wala kitu kingine ila chumvi kidogo. Siku ya tatu baada ya kila mteja kupokea kopo lake, nilimtumia ujumbe: “Umeionaje? Tuandikie kwenye ukurasa wetu, zuri au baya, mradi liwe kweli.” Wengi hawakujibu. Waliojibu walinifurahisha. Mwanafunzi mmoja wa Maseno aliandika kwamba wenzake chumbani walimlambia kopo zima akiwa darasani.

Kisha asubuhi moja nikakuta nyota moja kati ya tano. Mama mmoja wa Muhoroni alikuwa ameandika: “Wezi hawa. Nusu ya kopo ni mafuta ya kupikia. Nimeyamwaga, chini nimekuta jiwe. Kijiko changu kimepinda.”

Damu ilinichemka. Mafuta ya kupikia! Yale ni mafuta ya karanga zenyewe. Usipotia kitu cha kuyashika, hupanda juu yakitulia, na ukiyamwaga, siagi inayobaki chini huwa ngumu kama jiwe. Nikaanza kuandika kwamba asiyejua siagi halisi arudi kwa ya dukani.

Dada yangu akanipokonya simu. “Nyamera, huyo mama hatakuwa msomaji pekee wa jibu lako. Kunywa chai kwanza.”

Nikanywa vikombe viwili. Tukatafuta jina lake kwenye orodha ya wateja. Kweli alikuwa amenunua kwetu. Ndipo nikaandika hapo hapo chini ya maneno yake, kila mtu aone: “Mama, asante kwa kutuambia, na pole kwa usumbufu. Mafuta hayo ni ya karanga, hatuongezi mengine. Hupanda juu, kwa hiyo hukorogwa kabla ya kula. Hilo hatukukueleza, na kosa hilo ni letu. Tungependa kukutumia kopo lingine. Tafadhali tupigie.”

Alipiga siku iliyofuata, sauti kavu. “Ni wewe wa mafuta?”

“Ni mimi, Mama.”

“Kwa hiyo nimemwaga siagi yangu mwenyewe?”

“Ulimwaga sehemu nzuri zaidi, Mama.”

Akacheka kicheko kirefu mpaka nami nikashindwa kujizuia. Tulimtumia kopo jipya, wala hatukumwomba afute neno. Wiki ile ile alibadilisha maoni yake mwenyewe: nyota nne. “Siagi ni tamu. Nyota ya tano nimeizuia kwa ajili ya kijiko.”

Dada yangu aliyasoma kwa sauti mbele ya mashine ya kusagia, machozi ya kicheko yakimtoka. Tukachapisha lebo mpya zenye herufi kubwa: KOROGA KWANZA. Mwezi huo mwalimu mmoja wa Maseno aliagiza makopo sita kwa mpigo. Nilipomuuliza ametujuaje, alisema alisoma yale majibizano na yule mama, akaona hapa pana watu wa kuongea nao.