Kipengele cha Tisa

Kipengele cha tisa nilikiandika mimi. Nimeanza na hilo kwa sababu kwa miaka miwili nilikuwa nikisema kiliandikwa na mwanasheria wa Songea. Hakukuwa na mwanasheria wa Songea. Nilimbuni mchana mmoja katika ofisi ya klabu yetu hapa Mbinga, na baadaye nikamwongezea miwani na tabia ya kutopokea simu.

Ukatibu wa klabu nilipewa kwa kosa la kujua kuandika. Nilirudi nyumbani baada ya miaka mingi ya chuo na ya kuandika makala zilizosomwa na watu wanaoandika makala, nikakuta mibuni ya marehemu mama imeota vichaka. Kabla sijamaliza hata kuipogolea, mwenyekiti wa klabu, mkulima wa kahawa wa Namswea, alikuja kuniambia kwamba mtu mwenye digrii mbili hawezi kushindwa kuandika barua za mpira. Nilitaka kumweleza kwamba mpira sijawahi kuupiga hata kwa bahati mbaya. Aliniambia katibu hapigi.

Klabu yetu ilicheza daraja la chini ya ligi kuu. Mwaka wa kwanza wa ukatibu wangu tulimsajili beki wa kushoto kutoka Lundo, kijana wa miaka ishirini aliyekimbia kando ya mstari kama aliyesahau kitu nyumbani. Aliletwa na shangazi yake, aliyemlea na ambaye huuza usipa, vidagaa vya Ziwa Nyasa, sokoni kwetu. Kijana alizungumza maneno matatu. Mengine yote yalizungumzwa na shangazi.

Mkataba ulikuwa wa miaka mitatu. Mshahara ulikuwa mdogo kiasi kwamba mwenyekiti mwenyewe aliutaja akiangalia dirishani. Shangazi aliusikiliza, akakubali, kisha akauliza swali moja: akitokea mwenye kumtaka huko mbele, mtamfungia kama mbuzi? Mwenyekiti akasema klabu humwachia mchezaji inapoona inafaa. Shangazi akanigeukia mimi, si mwenyekiti. "Binti, wewe ndiye unaandika. Andika na hilo."

Jioni ile, nilipokuwa nachapa mkataba, nilifika kipengele cha tisa nikaandika hivi: endapo klabu nyingine itamtaka mchezaji naye akaitaka, na klabu hiyo ikaweka shilingi milioni nane, zote kwa pamoja, katika akaunti ya klabu wakati dirisha la usajili likiwa wazi, klabu itamwachia bila kumkawiza wala kumnung'unikia. Milioni nane niliziandika kama mtu anavyoandika mbinguni. Sikufikiri kuna atakayefika.

Mwenyekiti alisaini ukurasa wa mwisho bila kusoma zile nyingine, kama alivyozoea. Nikauingiza mkataba kwenye mfumo wa usajili wa shirikisho la mpira, ukapokelewa. Wiki chache baadaye mhazini wetu, mtumishi wa halmashauri aliyehamishiwa kwetu kutoka Tanga, ambaye husoma kila karatasi kwa sababu ndivyo alivyolelewa, akaniuliza kwenye kikao kipengele hiki kimetoka wapi. Wajumbe wote wakaniangalia. Nikasema ni ushauri wa mwanasheria wa Songea, rafiki yangu, siku hizi mikataba yote iko hivyo. Mwenyekiti alifurahi kusikia tuna mwanasheria. Krismasi ile alinipa kilo mbili za kahawa aliyoikaanga na kuisaga mkewe, nimpelekee. Nilizinywa mimi. Ilikuwa kahawa nzuri sana.

Miaka miwili ikapita. Mwezi wa saba uliofuata, kahawa ikiwa imeiva na kila mwenye mikono yuko shambani, klabu moja ya ligi kuu kutoka pwani ikapiga simu. Walimtaka beki wetu. Mwenyekiti akawatajia milioni thelathini. Wakasema watafikiria, na kwa kweli walifikiria, maana walimwomba kijana nakala yake ya mkataba wakaisoma yote. Hawakupiga simu tena. Walimwita Dar es Salaam akafanyiwa vipimo, wakakubaliana naye mshahara, na Ijumaa asubuhi, siku ya mwisho ya dirisha, milioni nane zikaingia kwenye akaunti yetu.

Mhazini alikuja ofisini na karatasi ya benki mkononi. Hakuwa na haraka. Aliketi, akaniambia fedha zimeingia zote kwa pamoja, na dirisha liko wazi, kama mtu aliyehifadhi maneno ya kipengele kwa moyo.

Nikampigia mwenyekiti. Simu yake hupatikana akipanda kwenye mwamba ulio juu ya shamba, na hupanda saa za kula tu. Nilimpata saa saba. Alisema mchezaji ni wa klabu, bei ni thelathini, na jambo kubwa hivi ni la kamati. Kamati ikae Jumapili baada ya misa ya pili.

Hapo ndipo penye desturi yetu. Kamati haijawahi kukaa siku nyingine. Inakaa ukumbi wa parokia Jumapili, watu wakiwa wamevaa vizuri na wamekwisha kuungama. Mhazini wetu Mwislamu huja na kutusubiri nje kwa saa nzima akisoma taarifa za fedha. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba dirisha la usajili haliendi kanisani. Lilikuwa linafungwa usiku wa Ijumaa ile. Jumapili tungekuwa tunajadili mlango ambao umekwisha kufungwa.

Nilimweleza mwenyekiti, kwa sauti niliyokuwa nikiitumia kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Bei tunayotaka haina kazi tena; mkataba umetaja bei, na bei imelipwa. Kijana akienda kulalamika kwenye kamati ya shirikisho inayoshughulikia hadhi za wachezaji atashinda, lakini kesi itachukua wiki kadhaa, na mchezaji asiyeingizwa kwenye mfumo kabla ya dirisha kufungwa hawezi kuichezea klabu mpya mpaka dirisha dogo la katikati ya msimu. Wale wa pwani hawatamngoja, watachukua beki mwingine na kudai fedha zao. Mkataba wetu umebakiza msimu mmoja. Ukibaki miezi sita ataruhusiwa kusaini makubaliano na klabu yoyote bila kutuuliza, na msimu ukiisha ataondoka bure.

"Basi kifute hicho kipengele," akasema. Nikamwambia mkataba uko kwenye mfumo tangu tulipomsajili, haubadilishwi kwa upande mmoja. Akauliza mwanasheria wangu anasemaje. Nikasema hapokei simu. Mtandao ukakatika, au aliteremka mwambani.

Shangazi aliingia saa nane, kanga yake ikinuka usipa. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi kwenye benchi la wachezaji wa akiba ambalo tunalitumia kama kiti cha wageni. Kijana alikuwa amempigia kutoka Dar es Salaam. Alikuwa amekaa kwenye ukumbi wa klabu ile, begi miguuni, na mtu wa usajili alikuwa akipita kila baada ya muda kumwambia kwamba upande wao uko tayari na kwamba beki mwingine, wa Morogoro, yuko njiani kama Mbinga hawajajibu ifikapo saa kumi na mbili.

"Kinakosekana nini?" akauliza shangazi.

Nikamwonyesha kwenye kompyuta. Upande wa klabu ya pwani kila kitu kilikuwa kijani. Upande wetu palihitajika barua ya kumwachia mchezaji yenye saini ya mwenyekiti, na kubonyeza mara moja. Nywila ilikuwa yangu.

"Na barua?"

Kwenye droo yangu kulikuwa na karatasi tatu tupu zenye nembo ya klabu, chini zimesainiwa na mwenyekiti. Huzisaini kila mwaka kabla ya kuchuma kahawa, ili kazi zisisimame. Kwa hizo nimekwisha kuomba uwanja, nimekwisha kuomba radhi kwa niaba ya mashabiki waliovunja uzio, na mara moja nimetuma rambirambi. Ningeweza kuchapa barua ile kwa dakika tano.

Nilifungua droo. Shangazi akaziona. Akaangalia saini, akaniangalia mimi.

"Mwanangu, umesoma sana, lakini vidole vyako vizito."

Nikafunga droo. Nilimwambia, na hili ni kweli, kwamba nikiandika barua ile mwenyewe mwenyekiti ataikana, klabu ya pwani itaingia kwenye ugomvi wa saini, na kijana atakaa nje akingojea watu wazima wamalize. Ambalo sikumwambia ni kwamba nilikuwa nimekwisha kumdanganya mzee yule mara moja kwa kuandika, na sikuwa na hamu ya kufika mara mbili.

Nilichofanya ni hiki. Nilichukua mkataba wote, kurasa zote sita, nikaandika barua ya kumwachia mchezaji kwenye karatasi isiyo na saini, nikaviweka vyote kwenye bahasha, nikampa dereva wa bodaboda anayemfahamu mwenyekiti. Juu ya bahasha niliandika: Mzee, tafadhali soma ukurasa wa nne kabla ya kuamua. Kisha upande mwambani.

Namswea si mbali kwa ndege. Kwa pikipiki, katika vumbi la mwezi wa saba, ni mbali. Mhazini alirudi ofisini kwake kisha akarudi kwetu. Shangazi hakuondoka. Aliniuliza kama nimekula, akafungua kifurushi, tukala usipa wa kukaanga juu ya meza yenye faili za wachezaji. Saa kumi ikapita. Mara mbili kijana alipiga, na mara mbili shangazi alimwambia akae hapo hapo, asisogee hata kwenda chooni. Saa kumi na moja mhazini alianza kusoma tena karatasi ya benki, kana kwamba zile milioni zinaweza kubadilika.

Saa kumi na moja na nusu simu ikaita. Ilikuwa ya mwenyekiti. Nyuma yake nilisikia upepo, na bodaboda ikinguruma.

"Nimesoma," akasema. "Kwanza ukurasa wa nne, halafu zote. Sikujua mkataba una maneno mengi hivi."

Nikasema ndiyo, Mzee.

"Katibu, mimi nimeishia darasa la saba, lakini nimewahi kushtakiwa kwa mpaka wa shamba. Karatasi za wanasheria nazijua. Hakuna mwanasheria anayeandika bila kumkawiza wala kumnung'unikia."

Shangazi, aliyekuwa akimalizia usipa, aliacha kutafuna.

"Kwa hiyo yule rafiki yetu wa Songea," akaendelea, "kahawa yangu aliipenda?"

"Aliipenda sana, Mzee," nikasema. "Nisamehe."

Kwenye simu nilisikia karatasi zikikunjwa.

"Nimesaini barua. Kijana wa pikipiki ameipiga picha, anakutumia sasa hivi. Ikifika, bonyeza. Na mwambie shangazi yake kwamba mimi sinung'uniki."