Relay ya Feni

Wakati wa vita, kamanda mmoja wa Base, kambi ya jeshi, alininyang'anya gari. Baadaye, kwa kuwa mimi ni fundi, akaniletea nilitengeneze.

“Papa, klima inapoza muzuri njiani. Nikisimama, inatoa joto.”

Akaenda kunywa bia. Niliwasha injini na klima, yaani kiyoyozi: feni inayopoza gesi gari likisimama haikuzunguka. Fyuzi ilikuwa nzima. Nilichomoa relay yake, swichi ndogo inayoiwasha, nikaweka ya honi inayofanana nayo. Feni ikazunguka, ubaridi ukaja.

Nikairudisha ile mbovu.

“Klima yako iko muzima, chef. Inapenda tu mwendo.”

Alizoea kuegesha mbele ya stesheni, vioo vimefungwa, watu waone ana klima. Jumapili nilimkuta pale, shati limelowa. Nilipita na baiskeli polepole, nikamsalimu.