Jumapili Mchana, Mlango Umefungwa

Mimi tangu utotoni ni mtu wa maswali. Mama alikuwa akisema mdomo huu utanifikisha pabaya, maana nilitaka kujua hata kwa nini kuku hutaga asubuhi na si jioni. Basi niambie: mtu wa namna hiyo, aliyezoea kubishana na mnyapara juu ya uzito wa kahawa yake mbele ya shamba zima, inakuwaje alale kando ya mume wake, mume anayempenda kabisa, na ulimi ukatae kutamka hata neno moja? Swali hilo lilinisumbua mwaka mzima.

Mume wangu alitoka magharibi, kule wanakokula ugali mpaka na chai. Siku zile za Hali ya Hatari iliyotangazwa na mkoloni, vijana wetu wengi walikuwa vizuizini, na mashamba ya kahawa ya Ruiru yakajaa watu wa kwao. Mimi ni wa upande wa Thika. Kijiji chetu kilikuwa kwenye mteremko juu ya mto Chania, nami nikashuka Ruiru kuchuma kahawa. Yeye kazi yake ilikuwa kugeuza kahawa kwenye meza za kukaushia. Lugha yetu yeye haijui, ya kwao mimi siijui, kwa hiyo tulitongozana kwa Kiswahili kibovu na kucheka sana. Nilimpenda kwa sababu akiuliza swali, alingoja jibu. Wanaume wengi niliowajua walikuwa wakiuliza huku wanaondoka.

Kabla ya harusi, tata, yaani shangazi yangu, aliniketisha akanipa mafunzo. "Ukiwa na mume wako utulie," akasema. "Usijifanye mjuaji. Mwanamke wa heshima hutulia kimya." Kumbe huko kwao naye babu yake alikuwa amemfunza yayo hayo: ukimwona mke ametulia usishangae, ni haya tu. Basi tukaingia kwenye chumba chetu cha laini, ile safu ya vyumba vya wafanyakazi wa shamba, taa ikazimwa, kila mmoja ameshiba mafunzo. Nami nikatulia. Ngai wangu, nilitulia kama jiwe!

Lakini haikuwa heshima. Wacha niliseme sasa, nikimaliza nisilirudie. Nilipokuwa na miaka ishirini na mmoja, wakati watu wa vijiji vyetu walipokuwa wakipelekwa kuchimba handaki kwa amri, mtu mmoja mwenye bunduki aliniita kando. Aliniingiza kwenye ghala la mahindi, akanishika mikono yote miwili, akanilazimisha. Mvua ilikuwa inanyesha. Kabuti lake lilikuwa limelowa, linanuka sufu na tumbaku. Sikupiga kelele. Sikumng'ata, mimi niliyekuwa naing'ata hata mikono ya kaka zangu. Mwili ulikufa ganzi nikiwa macho, nikawa natazama mahindi yaliyoning'inizwa darini, kana kwamba mambo yale yanampata mtu mwingine. Sikumwambia yeyote. Nilijiambia: asiyepiga kelele si amekubali? Kwa miaka mitatu nilijihukumu kwa sheria hiyo, na jaji nilikuwa mimi mwenyewe.

Kwa hiyo katika ndoa, giza likiingia na uzito wa mtu ukinijia kifuani, baridi ilianzia kwenye nyayo ikapanda. Ikifika kooni sauti imekwisha. Kisha nasikia harufu ya kabuti lililolowa, na chumbani hamna kabuti. Watu hudhani hayo ni kukumbuka. Ukikumbuka jambo unajua uko hapa, na jambo liko kule nyuma. Mimi nilikuwa ghalani kabisa, na mvua naisikia kwenye mabati.

Mume wangu alikigundua kitu hicho kwa utani. Tulikuwa na vita vyetu vya chakula. Yeye alipenda kuniambia githeri, mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha, ni chakula cha punda, nami sikuwahi kuliacha tusi hilo lipite, hata kanisani ningelijibu. Siku moja akaninong'onezea tukiwa kitandani, "Githeri ni chakula cha punda." Kimya. Akarudia. Kimya. Akashtuka, akawasha taa. Akanikuta macho wazi, sipepesi, jasho baridi limenitoka, mikono imenyooka kama ya maiti.

Hapo akakosea, maskini. Alinishika mabega akanitikisa, "Wewe! Wewe! Una nini?" Kushikwa tena! Nilijikunja ukutani nikaanza kutetemeka. Akaniachilia mara moja, akarudi nyuma, akaketi kwenye kigoda karibu na mlango. Hakujua la kufanya, akaanza kusema tu, polepole. "Mimi ni mume wako. Niko hapa mlangoni, sikugusi. Hapa ni Ruiru. Jirani anakohoa, unamsikia? Sikia." Nikasikia. Kikohozi kile cha jirani, ambacho nilikuwa nakichukia, ndicho kilichonitoa ghalani. Nilishusha miguu, nikaisikia sakafu ni baridi, nikajua nimerudi.

Nikamwambia yote. Aliposikia hakuuliza kwa nini sikupigana. Aliuliza jambo moja: "Hizo siku zote ulipokuwa umetulia, ulikuwa huko?"

"Zingine, ndiyo."

Akafunika uso kwa mikono. "Na mimi nilidhani ni haya. Nisamehe." Akalia, nami nikalia. Kisha nikasema lile nililokuwa nikiliogopa tangu harusi: "Nirudishe kwa mama yangu Thika. Tafuta mwanamke mzima."

Akaniangalia kwa hasira. "Mzima ndiye nani? Umeona kifaranga mwewe akipita? Hulala chini kimya, hakikimbii wala hakilii. Umewahi kusikia mtu akisema kifaranga kilimpenda mwewe?"

Haiya! Siku iliyofuata nilikaa nyuma ya laini nikiangalia vifaranga vya jirani mpaka akadhani nataka kumwibia.

Tulikubaliana kuliacha jambo la kitanda kabisa mpaka mimi mwenyewe nitake. Na ajabu ni kwamba nilipojua haliji, hofu ilinipungua, na udadisi wangu ukaamka. Nikaanza kuuchungulia mwili wangu kama anayechungulia boma la jirani mpya. Nikishikwa mkono, hakuna neno. Nikishikwa kifundo cha mkono, baridi inaanza. Blanketi kavu, sawa. Likinyeshewa kwenye kamba, kichwa kinazunguka. Mume wangu alikuwa na kabuti lake la baridi ya asubuhi, na siku za mvua akiingia nalo nilikuwa namfokea bila sababu. Tulipoitambua sababu, akalipeleka kazini likakaa huko. Alikuwa akirudi nyumbani amelowa chapachapa kama bata, hanung'uniki.

Tuligundua pia kwamba giza lenyewe lilikuwa adui. Gizani mwanamume yeyote ni mwanamume yeyote. Nikimwona uso, lile pengo la meno yake, masikio yake makubwa, najua ni yeye. Basi tukahama usiku, tukachagua Jumapili mchana baada ya kanisa. Woi, laini nzima ilituzungumzia! Watu wazima wanafunga mlango jua likiwaka! Mama mmoja mzee wa chumba cha tatu alikuwa akipita makusudi na ndoo isiyo na maji.

Mume wangu ndiye aliyeleta shauri ambalo sijasikia mwingine akilisema. "Ukiganda huwezi kusema hapana," akasema. "Kwa hiyo mimi siwezi kungoja hapana yako. Nitangoja ndiyo." Tukaweka mkono wangu kwenye nywele zake. Mkono ukicheza, tunaendelea. Mkono ukisimama, anaacha pale pale, anakaa kando, ananiuliza naona nini chumbani. Sufuria. Kalenda ya kanisa. Miguu yako, mbona hukuosha? Mimi ndiye niliyeyaongoza mambo, mimi ndiye niliyesogea kwanza, na siku nyingi tulikomea kwenye kulala bega kwa bega tukila karanga.

Usidhani alikuwa malaika. Jumapili moja mkono ulisimama mapema, naye akainuka akatoka nje akapasua kuni ambazo hatukuzihitaji. Nilikaa kitandani nikijua sasa kweli narudi Thika. Akarudi anahema. "Nimekasirika," akasema, "lakini si kwa sababu yako. Ningekuwa nakudanganya nikisema sikukasirika." Kisha, kwa sauti ndogo: "Ukiganda, unaniona mimi ni yeye?"

"Hapana," nikasema. "Ukiniita kutoka mlangoni, ni wewe ninayekusikia."

Na kuna siku ilikuwa tamu, tamu kweli, mwanzo mpaka mwisho, kisha nikalia kwa kwikwi mpaka jioni. Sikuelewa. Hata leo siielewi sawasawa. Labda mwili nao ulikuwa na madeni yake ya machozi. Alikaa karibu nami, hakuuliza, akanipikia uji ulioungua.

Lakini swali langu bado lilikuwa pale pale. Mkono ulikuwa unanisemea. Mdomo je? Niliogopa kwamba mdomo ule uliofungwa ghalani hautafunguka kamwe, na mwanamke asiyeweza kusema hapana, ndiyo yake nayo ina maana gani? Nilitaka kuwa na ndiyo yangu mwenyewe, nisiwe mtu anayehurumiwa.

Ikawa Jumapili ya mvua. Hatukuitarajia, ilianza ghafla juu ya mabati, na sisi tuko katikati ya mambo yetu. Baridi ikaanzia kwenye nyayo. Nikaijua, nikaitazama inavyopanda, magotini, tumboni. Nikajisemea, hii itafika kooni sasa hivi. Nikawahi.

"Acha!"

Mume wangu alikuwa ameshafika sakafuni kabla neno halijaisha, amekanyaga sufuria, ameumiza kidole.

"Umesema nini?"

"Nimesema acha."

"Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo!"

Akaanza kucheka na machozi yanamtoka. "Sema tena."

"Acha!" nikasema. "Acha! Acha! Acha!" Sikuweza kunyamaza. Nilipiga kelele nikiwa nimesimama juu ya kitanda nimejifunga leso, kelele ambazo mvua yote ile haikuweza kuzizima, na koo likaniuma kwa utamu.

Mlango ukagongwa kwa nguvu. "Wewe mwanamume! Mwache mtoto wa watu!" Nikafungua. Wanawake wa laini walikuwa wamesimama kwenye mvua, mmoja na mwiko, na mbele yao yule mama mzee wa chumba cha tatu, panga mkononi, vichwa vimelowa. Walikuwa wamekuja. Nilipiga kelele na watu wakaja.

"Anakupiga?" mama akauliza.

"Hanipigi. Nilimwambia aache."

"Halafu?"

"Ameacha."

Wale wengine walicheka, wakaanza kukimbilia vyumbani mwao kujikinga mvua. Yeye hakuondoka. Alinipita kwa macho akamtazama mume wangu pale sakafuni, amejifunika blanketi, anasugua kidole chake. Maji yanamtiririka usoni, akalishusha panga.

"Ulimwambia tu," akasema, "na akaacha?"