Upande wa Nyuma wa Karatasi

Nilikuwa fundi cherehani Iringa, karibu na soko, na mama mmoja wa Kipolandi alinishonea vifungo. Alikuja nchini na wakimbizi wa vita waliowekwa kambini Ifunda. Kambi ilipofungwa wenzake wakatawanyika, yeye akabaki na binti yake, mume akiwa amezikwa huko huko. Binti akaolewa, akaenda Kanada. Sasa alikuwa amejifungua na alimtaka mama yake.

Watu wa uhamiaji wa Kanada hawakukataa. Walitaka tu cheti chake cha kuzaliwa kwa Kiingereza. Hapo ndipo kazi ilipoanza, kwa maana alizaliwa wakati kwao kunatawaliwa na Warusi, na padri wa parokia yao alilazimika kuandika kila kitu kwa Kirusi. Kirusi mama yule alikijua vizuri, lakini mtu hawezi kujitafsiria mwenyewe. Alitakiwa mtu mwingine, asiye ndugu, aape mbele ya hakimu kwamba tafsiri ni kamili na sahihi.

Mtu huyo tulisikia yuko Mbeya, mzee wa Kizungu aliyesomea uhandisi Urusi, kisha akapima machimbo ya dhahabu ya Chunya mpaka dhahabu ikamchosha. Mama akaniomba nimsindikize. Nilinung'unika, maana Idi ilikuwa karibu na nguo za watu zimelala mezani. Nikaenda.

Basi lilitupitisha Mafinga kwenye baridi, likateremka nasi Usangu kwenye vumbi. Yeye alikaa mbele na Wazungu, mimi nyuma na magunia ya mchele ya Rujewa. Kila tuliposimama alikuja nyuma kunipa nusu ya yai la kuchemsha. Bahasha yake hakuiweka chini hata mara moja.

Mzee wa Mbeya alikuwa na nyumba ya bati na paka wengi. Akamsalimu mama kwa Kirusi. Mama akamjibu kwa Kiswahili.

"Mimi hapana sema hiyo lugha," alisema. "Hiyo watu walitutoa nyumbani usiku. Sema Kiswahili."

Nikadhani mzee atakasirika. Akainamisha kichwa, akasema, "Sawa, mama. Kiswahili." Basi Wazungu wale wawili wakaongea Kiswahili mbele yangu, mmoja cha jikoni, mwingine cha machimboni, na mimi niliyekulia lugha hiyo nikauma midomo nisicheke.

Kazi ya mzee, lakini, haikuwa ya kuchekwa. Aliandika kila kitu, hata ambacho mimi ningekiona takataka. Palipokuwa na muhuri wa parokia aliandika kwamba hapa pana muhuri wa duara, na maneno yake ni haya. Palipokuwa na stempu ya ushuru yenye tai wa vichwa viwili akaandika hivyo hivyo. Neno moja lilifutika kwa unyevu. Akaandika kwamba halisomeki. Tarehe za kuzaliwa zilikuwa mbili, ya kalenda ya zamani ya Warusi na ya kalenda yetu. Mama akamwambia aache moja, wasije wakamwona mwongo. Mzee akakataa.

"Mimi siwezi kuchagua, mama. Iko mbili, naandika mbili. Chini naeleza kwa nini."

Kisha akageuza karatasi, na hapo kazi ikasimama. Nyuma palibandikwa kitambaa cha pamba cha merikani, kwa uji wa unga wa ngano.

"Nani alifanya hii?"

"Mimi. Kule kambini."

"Chini yake iko nini?"

Mama akakifunika kitambaa kwa kiganja. Mzee akamweleza polepole. Karatasi inaenda uhamiaji wa Kanada, na uhamiaji wametaka pande zote mbili. Aliweza kuandika kwamba upande wa nyuma umefunikwa na hakuuona. Hiyo ingekuwa kweli, asingeapa uongo. Lakini ofisi ingeuliza kwa nini umefunikwa, karatasi ingerudishwa, na miezi mingine ingekwenda hivyo.

"Toa kitambaa," alisema, "mimi naona, naandika, kesho naapa. Lakini karatasi mzee sana. Inaweza kuchanika."

Mama akaniangalia mimi badala ya mzee. "Fundi, iko mchoro ya mtoto wangu. Mtoto mwanamume."

Miaka yote ile nilijua ana binti tu. Akatuambia. Walipokuwa kwenye treni, wakichukuliwa Urusi, kijana wake hakuwa na karatasi, akachora nyuma ya cheti cha mama yake. Mama akampiga kofi, kwa sababu cheti ndicho kitu pekee walichobaki nacho chenye muhuri. Kijana akafa kwa homa Uajemi, njiani kuja huku. Mchoro hakuweza kuufuta, wala hakuweza kuutazama. Akaufunika.

Nilikasirika. Sikujua namkasirikia nani, basi nikamkasirikia mzee. Nikamwambia aandike tu kwamba nyuma hakuna kitu, nani atajua Kanada huko! Akanijibu bila ukali: "Wewe unaweza kusema. Wewe huapi."

Mama akainuka, akaweka birika jikoni mwenyewe. Mvuke ulipotoka akaishika karatasi juu yake, kitambaa kikiwa chini, akawa anakivuta kona kwa kona, kidogo kidogo. Mimi kazi yangu ilikuwa kufukuza paka. Kona moja ya karatasi ikaondoka na kitambaa. Akasimama, akafumba macho, akaendelea. Huruma niliyokuwa nayo saa ile sijawahi kuwa nayo kwa mtu ambaye si ndugu yangu.

Mchoro ulikuwepo. Penseli ilififia, lakini ulikuwepo. Mama aliutazama, akampa mzee karatasi.

Kesho yake tukaenda boma. Mzee alibeba tafsiri yake, na chini yake tamko: kwamba anajua Kirusi na Kiingereza, kwamba si ndugu wa mwenye cheti, na kwamba ametafsiri yote yaliyomo bila kuongeza wala kupunguza. Hakimu akamwapisha, mzee akatia sahihi kila ukurasa, karani akagonga muhuri. Hakimu akatukumbusha kwamba muhuri wake unathibitisha kiapo tu, Kirusi hakijui. Alipofika ukurasa wa mwisho akasoma, akainua macho.

"Na hii pia ni lazima?"

"Iko kwenye karatasi, Bwana," alisema mzee.

Hakimu akamwangalia mama, akarudisha karatasi kwa mikono miwili.

Nje, kwenye ngazi, mama akamwomba mzee amsomee huo ukurasa wa mwisho. Akausoma kwa Kiswahili, akitafuta maneno. "Upande wa nyuma. Hakuna maandishi. Iko mchoro wa penseli. Nyumba moja, moshi unatoka. Mbele ya nyumba watu wanne wameshikana mikono, wawili wakubwa, wawili wadogo. Kona moja ya karatasi imechanika."

"Andika jina lake," mama alisema. "Huyu mdogo, mwanamume. Andika jina."

Mzee akavua kofia. "Siwezi, mama. Jina haiko kwenye karatasi. Nimeapa."

Nilitaka kumrukia. Mama akamshika mkono mzee, kisha akamjibu, na mara ile alimjibu kwa Kirusi, lugha aliyoikataa jana yake. Sikuelewa maneno. Nilimwona tu mzee akiinua tena ule ukurasa, na safari hii akamsomea kwa Kirusi, toka mwanzo, nyumba, moshi, na wale watu wanne.