Barua Pepe za Kila Asubuhi

Kaka yake alipofariki, Mungu amrehemu, dada mtu aliachiwa biashara ya kuwauzia wenye mikahawa mboga. Marehemu aliwaandikia wateja wapya bila papara: barua pepe ya kwanza, kimya cha siku nne, ya pili yenye bei za wiki, kimya kirefu zaidi, kisha ya kuaga. Dada hakuwa na subira hiyo. Aliandika kila asubuhi, na chini akaweka jina la kaka, kwa kuwa ndilo lililojulikana.

Siku alipopeleka nyanya za kuonja, mama mwenye mkahawa alimcheka mlangoni pa jiko.

“Kumbe ndio nyie! Hata mume wangu hanisalimii kila asubuhi. Mwambie huyo kaka aniache nipumue.”

“Mama, kaka tumemzika mwezi uliopita. Anayekusumbua ni mimi.”

Kicheko kilikatika. Aibu ilimpanda dada hadi masikioni: mtu mpole aliyejua kungoja, yeye amemgeuza kero akiwa kaburini.

“Pole, mwanangu,” mama alisema. “Niandikie Jumatatu, ndipo ninapoagiza. Ila uweke jina lako.”

Dada aliitikia bila kuinua macho.